Ukumbi wa Makelele: Herufi Moja au Mbili?

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Juzi nilikuwa kwenye shule moja ya bweni, na juu ya mlango wa bwalo nikakuta wameandika kwa rangi nzuri kabisa: DINNING HALL. Kitenzi *din* kwa Kiingereza ni kupiga makelele. Kwa hiyo pale wanafunzi wanaingia kula katika ukumbi wa makelele, na ukifika saa saba mchana utaona si uongo sana.

Tuanzie hapo mlangoni. Neno ni *dine*. Ile *e* ya mwisho haitamkwi, lakini ina kazi: inatuambia kuwa *i* isomwe "ai". Tukiongeza *-ing*, *e* inadondoka, kwa sababu *i* ya *-ing* inashika zamu yake. Tunapata *dining*, *n* moja. Ukiweka *n* mbili umejenga ukuta, na irabu ya nyuma yake inakuwa fupi: *dinning* ya makelele. Ndivyo ilivyo kwa *hoping*, kutumaini, na *hopping*, kurukaruka kwa mguu mmoja. Nimesoma barua za kuomba kazi zinazomalizikia *I am hopping to hear from you*. Namwona kabisa mwombaji akirukaruka langoni.

Sisi tunafundisha kanuni mbili, ya kudondosha *e* na ya kurudia konsonanti, katika vipindi viwili tofauti. Kwangu mimi ni kanuni moja: konsonanti moja, irabu ndefu, konsonanti mbili, irabu fupi. Mtoto wa Kiswahili haioni kwa sababu kwetu *a* ni *a* tu, popote utakapoiweka.

*E* hiyo ina kazi ya pili, kulainisha *c* na *g*. Ndiyo maana *notice* inatoa *noticeable*, *e* imebaki. Ukiiondoa, *c* mbele ya *a* itasomwa "k". Lakini *noticing* haiihitaji, maana *i* nayo inalainisha.

Sasa tufike penye matatizo yetu hasa: maneno yenye silabi zaidi ya moja. Hapa konsonanti ya mwisho hurudiwa ikiwa iko peke yake, imetanguliwa na irabu moja, kiambishi kinaanza na irabu, na mkazo uko kwenye silabi ya mwisho ya shina. Sharti hilo la mkazo ndilo linalotuangusha. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba hadi kwenye Kiingereza.

Chukueni *open*. Mwingereza anakaza mwanzo, O-pen, na hata akiongeza *-ing* anabaki hapo hapo. Kwa hiyo ni *opening*, *n* moja. Sisi tunasema o-PE-ning, mkazo umehamia *pe*, na mkono unaandika *openning*. Mabango ya ufunguzi yamejaa hiyo. Geuza upande wa pili: *occur* inakazwa mwisho, kwa hiyo ni *occurred*, *r* mbili. Sisi tunasema O-kad, tunaandika *occured*. (Wenye lugha nao huikosea hiyo, tusijionee sana.) Mkazo ukihama, herufi nazo zinahama: *prefer* inatoa *preferred*, lakini *preference* ina *r* moja, kwa kuwa mkazo umerudi mwanzo.

Kuna wakorofi. Waingereza huandika *travelled* ingawa mkazo uko mwanzo. Wamarekani huandika *traveled*, wanaifuata kanuni. Mitihani yetu hufuata Uingereza, basi mwenye *l* mbili apewe alama yake.

Na ule wimbo wa *i* kutangulia *e* isipokuwa baada ya *c*? Sitakaa nao sana. Unafanya kazi pale tu sauti ikiwa "ii": *believe*, *field*, halafu *receive*, *ceiling*. Hata hapo *seize*, *protein* na *species* zinauvunja. Mwaka 2009 mwongozo wa serikali ya Uingereza kwa walimu wa shule za msingi ulisema wimbo huo haufai kufundishwa. Mimi nafundisha *receive* na ndugu zake *deceive* na *perceive* kwa pamoja, basi.

Naona mkono kule nyuma. Mwalimu anauliza: mbona *writing* ina *t* moja na *written* ina mbili, na kitenzi ni kile kile? Haya, yatamke kwa sauti, mwalimu. "Raiting." Umesikia "ai"? *Write* imedondosha *e*, *t* imebaki moja. La pili? "Ritin." Irabu imefupika, basi mwongezee *t* yake.