LIME na jani la muhogo: mhadhara uliotolewa Bukavu

Wandugu, asanteni kwa kufika. Naona wanafunzi wa informatike wamekaa na moniteri wa kilimo waliotoka Walungu na Kabare, na hilo limenifurahisha. Nitawasemea wote kwa mfano mmoja: modeli inayopewa picha ya jani la muhogo iliyopigwa kwa simu, nayo inajibu kama jani lina ugonjwa wa mozaiki au ni zima.

Tuseme imejibu mozaiki, kwa 0,92. Kabla ya kumwambia mama ang'oe mihogo yake, moniteri ana haki ya kuuliza: umeona nini? Hapo wengi wanatumia LIME, njia iliyotolewa mwaka 2016 na Ribeiro, Singh na Guestrin. LIME haiingii ndani ya modeli. Inakata picha vipande kufuatana na rangi, tuseme 50. Halafu inatengeneza picha 1000 ambazo baadhi ya vipande vimefichwa ovyo, na kila moja inapelekwa kwa modeli ijibu. Mwishoni inatafuta hesabu ya kujumlisha tu inayoiga majibu hayo, na kila kipande kinapata uzito wake. Vyenye uzito mkubwa ndivyo tunavyoonyeshwa.

Tunaambiwa maelezo haya yanahusu jani hili na picha zilizo karibu nalo. Tupige hesabu basi. Programu inaamua kuficha kipande au kukiacha kama anayerusha sarafu. Kwa vipande 50, picha ya kawaida imefichwa 25, na karibu zote 1000 zitakuwa kati ya 14 na 36. Picha iliyofichwa vipande viwili au vitatu, ile ambayo kweli iko karibu na jani letu, hamtaipata. Ni kweli, picha za mbali zinapunguziwa uzito. Lakini kwa mpangilio ambao programu inakuja nao, picha iliyofichwa nusu nzima bado inahesabiwa kwa takriban 0,5. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo inatoka kwenye majani yaliyochakaa, ambayo modeli haikufundishwa nayo hata siku moja.

Kuna jambo lingine ambalo kwa mozaiki ni zito zaidi. Kuficha kipande, msipobadilisha kitu, ni kukipaka rangi ya wastani ya kipande chenyewe. Sasa fikirini sehemu ya jani iliyopauka, njano na kijani vimechanganyika. Wastani wake ni kijani kilichopauka! Michoro ya mabaka imepotea, ila upaukaji umebaki pale pale. Kama modeli inategemea upaukaji, LIME itaona kwamba kuficha kipande hakukubadilisha jibu, na itakipa uzito mdogo. Moniteri atasoma kwamba modeli haikujali sehemu yenye ugonjwa, na atakuwa amedanganyika.

Jaribuni hivi:

```python
from lime.lime_image import LimeImageExplainer

e = LimeImageExplainer(random_state=1)
m = e.explain_instance(picha, tabiri, hide_color=0)
print(m.score)
```

`hide_color=0` inaficha kwa weusi. Hiyo nayo si picha ya shamba, lakini vipande vinavyobaki juu kwa njia zote mbili vinastahili kuaminiwa zaidi. Badilisheni pia `random_state`: vipande vitano vya kwanza vikibadilika kila mara, ongezeni picha kupita 1000 kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Na `score` inaonyesha hesabu ile ya kujumlisha inaiga modeli kwa kiasi gani. Ikiwa mbali na 1, rangi nzuri za kwenye skrini zinaeleza hesabu ambayo hata modeli haiifuati.

Wengine watasema basi tutumie ramani za pikseli, zinazopima jibu linatikisika kiasi gani pikseli moja ikibadilika kidogo. Zile kweli ziko karibu na picha. Ila mwaka 2018 Adebayo na wenzake walifanya jaribio ambalo ninyi pia mnaweza kulirudia: waliharibu uzito uliojifunzwa ndani ya modeli, wakaweka namba za ovyo, wakachora ramani upya. Baadhi ya njia, kama Guided Backprop, zilitoa ramani ile ile karibu bila mabadiliko. Zilikuwa zinafuata kingo na mishipa ya jani, mambo ambayo hata modeli isiyojua chochote ingeyachora. Njia nyingine, gredienti ya kawaida na Grad-CAM, zilibadilika, kama inavyotakiwa.

Kwa moniteri, kuna kipimo kisichohitaji programu ya maelezo. Chukueni jani lile lile, lipigeni picha juu ya udongo, kisha juu ya kitambaa, kisha mkononi. Jibu likigeuka, modeli inaangalia kilicho nyuma ya jani, hata kama LIME imeng'arisha jani lenyewe. Halafu pelekeni jani lililoliwa na utitiri wa kijani, maana nalo hupauka kwa madoadoa, mwone kama litaitwa mozaiki.