Asilimia 18 iliyo ghali kuliko 24

Ndugu zangu wa Ngamiani, nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena. Bado nawasikia: "Huyu ana 18, yule ana 24, mimi nakwenda kwa wa 18." Jamani, hiyo ni riba ya kwenye bango. Gharama halisi ya mkopo kwa mwaka bado hamjaambiwa.

Tuchukue mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12. Wa kwanza anatoza asilimia 18 kwa mwaka, riba bapa. Riba yote ni 216,000, na rejesho la kila mwezi ni 118,000: mtaji 100,000, riba 18,000. Itazameni hiyo 18,000. Mwezi wa kwanza unadaiwa 1,200,000, haya. Mwezi wa saba deni limebaki 600,000, bado riba ni 18,000. Mwezi wa mwisho unadaiwa 100,000 tu, na riba ni 18,000 ile ile. Hiyo ni asilimia 18 kwa mwezi mmoja! Unatozwa riba ya fedha ulizokwisha kurudisha. Ukikokotoa kwa deni linalobaki kila mwezi, ile 18 ni karibu asilimia 32 kwa mwaka.

Bado ada ya mkopo, asilimia 3. Wanakata 36,000 kabla hujaondoka dirishani, unatoka na 1,164,000, lakini marejesho hayapungui hata senti. Sasa tumefika karibu 38.

Wa pili anatoza 24, riba ya salio linalopungua, hana ada. Rejesho ni kama 113,472 kwa mwezi, na riba yote haifiki 162,000. Gharama yake halisi ni hiyo hiyo 24.

Najua kuna atakayesema: "Si tujumlishe tu tunacholipa?" Muda ukilingana, sawa. Lakini huyo wa pili akikupa miezi 24, riba yake itapita 322,000, na wa kwanza, riba na ada, ni 252,000. Je, wa pili amekuwa ghali? Hapana, umekaa na fedha muda mrefu zaidi. Ndiyo maana tunataka kiwango cha mwaka, kinachohesabu muda, ada, na fedha uliyopokea mkononi.

Mwenye kompyuta, au simu yenye programu ya majedwali, aandike hivi, azidishe kwa 100:

```
=RATE(12,-118000,1164000)*12
```

Wengine hukokotoa riba juu ya riba badala ya kuzidisha kwa 12, wakapata namba kubwa zaidi. Linganisheni mikopo yote kwa njia moja.

Muda umenipita. Bima ya mkopo na akiba ya lazima ziulizeni pia, maana zikikatwa mwanzoni hupunguza fedha unayopokea mkononi, kama ada. Na mnaotaka kumaliza mkopo mapema: ada hairudi, na kwenye riba bapa muulizeni afisa mikopo, kabla ya kusaini, kama riba ya miezi iliyobaki itafutwa.