Mkia na Tumbo la Gari Refu Kwenye Kona

Ndugu madereva, habari za asubuhi. Wengi mliopo hapa mmeendesha gari dogo kwa miaka, wengine mmeshika Fuso, na sasa mnataka daraja la basi kubwa au semi. Leo sitazungumzia alama za barabarani, mnazijua. Nitazungumzia kona moja tu: kona ya kushoto ya mjini, na namna gari refu linavyoipita.

Gari dogo limetuzoesha vibaya. Ukilikata, unahisi linageuka lote kwa pamoja, nyuma inafuata mbele. Kwenye gari refu siyo hivyo. Matairi ya mbele yana njia yake na ya nyuma yana yake, na kona ya mkiani nayo ina njia ya tatu.

Tuanze na basi la mita 12. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 6, na nyuma ya ekseli ya nyuma kuna mkia wa mita 3.4. Umekunja usukani mpaka mwisho na unazunguka polepole, katikati ya ekseli ya mbele ikichora duara lenye nusu kipenyo cha mita 10. Je, ekseli ya nyuma inachora duara gani? Kama kuna fundi ujenzi hapa, anajua jibu tayari, maana ni ileile kamba ya tatu, nne, tano anayopimia pembe ya msingi, ila imezidishwa mara mbili. Upande mrefu wa pembetatu ni 10, huo ni umbali wa ekseli ya mbele kutoka katikati ya duara. Upande mmoja ni 6, urefu kati ya ekseli. Upande uliobaki ni 8. Kwa hiyo nyuma inazunguka kwenye mita 8, yaani imeingia ndani ya kona mita 2 kuliko mbele. Tairi lako la mbele limepita vizuri kabisa, na la nyuma limepanda ukingo ambako mtoto anasubiri kuvuka.

Hilo ndilo ninaloliita tumbo la gari. Kwenye semi tumbo linakuwa kubwa zaidi. Chukua kichwa chenye mita 3.6 kati ya ekseli, kivute tela ambalo kutoka kwenye sahani ya kichwa linapounganishwa hadi katikati ya matairi yake ni mita 8, kisha zungusha kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 12.5. Kichwa chenyewe hakina shida, nyuma yake inaingia ndani nusu mita tu. Matairi ya tela yanakuja kutulia kwenye mita 8.9. Hiyo ni mita 3.6 ndani ya njia ya tairi lako la mbele, upana wa njia nzima ya barabara kuu! Kwenye kona ya pembe mraba huwa hayafiki huko kabisa, kwa sababu kona inaisha kabla tela halijatulia, lakini yanakaribia. Hivyo dereva anayeikata kona ya semi kwa kufuata tairi la mbele ameshapanda na tela juu ya watu kabla hajajua.

Sasa mkia. Huu ndio unaonigusa mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Nilipokuwa kijana nikiendesha basi, nilikuwa natoka stendi fulani asubuhi. Mbele yangu kulikuwa na basi lingine limesimama karibu sana. Nikakunja usukani wote kulia ili nimkwepe, macho yangu yote kwenye kioo cha kulia nikitafuta nafasi ya kuingia barabarani. Nikasogea. Konda akapiga bodi kwa nguvu. Nikasimama, nikashuka. Kona ya nyuma kushoto ya basi ilikuwa imeisukuma meza ya mama muuza machungwa mpaka ikapinduka, na mama mwenyewe alikuwa amesimama hatua moja pembeni yake. Alinitazama akasema, «Mwanangu, wewe umeenda kule, mbona gari limekuja huku?» Sikuwa na jibu. Nilimlipa machungwa, lakini swali lake lilinikaa kichwani mpaka nikalijibu kwa chaki na kamba.

Jibu ni hili. Basi linapozunguka, linazunguka juu ya ekseli ya nyuma. Kila kilicho mbele ya ekseli hiyo kinaingia ndani ya kona, na kila kilicho nyuma yake kinatupwa nje. Kwa basi letu la mita 12, ubavu wa nje ulio sawa na ekseli ya nyuma uko mita 9.25 kutoka katikati ya duara, ukiongeza nusu ya upana wa basi. Kona ya mwisho ya mkia iko mita 9.85. Tofauti ni sentimita 60. Ukitoka kwenye kituo ukiwa umebana ukingo, ukakunja usukani wote kulia, mkia unaingia sentimita 60 juu ya njia ya waenda kwa miguu. Ni zaidi ya upana wa mabega ya mtu.

Na angalieni wakati unapotokea. Mkia unafika nje kabisa basi likiwa limegeuka nyuzi 20 tu, hata robo ya kona bado. Huo ndio wakati dereva anatazama kulia kwa sababu anaogopa magari yanayokuja. Anayegongwa yuko kushoto nyuma, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Juzi tulifanya jaribio uwanjani, baadhi yenu mlikuwepo. Tulifunga chupa ya maji yenye tundu kwenye kona ya nyuma ya basi, tukachora mstari wa chaki ubavuni, kisha dereva akatoka kwa usukani wote. Mliuona ule mchirizi: maji yaliacha mstari, yakavimba nje kama upinde, halafu yakarudi. Tukarudia kwa karibu nusu ya usukani, na upinde ukapungua ukawa kama nusu. Hesabu nayo inasema hivyo, kama sentimita 30. Kwa hiyo dawa ya mkia ni kuacha nafasi mbele yako unaposimama. Mwenye nafasi mbele anatoka kwa usukani mdogo, na mkia wake unatulia. Aliyebanwa pua na basi la mbele analazimika kukunja wote. Mkiwa mmebanwa hivyo, mwambieni konda ashuke asimame nyuma kushoto, na msisogee mpaka aseme.

Turudi kwenye kona ya kushoto, maana sasa tunajua tumbo na tunajua mkia. Dereva wengi wa semi wanajua kwamba tela litakata ndani, na wanalitibu hivi: kabla ya kona wanakwenda kwanza kulia, wanaipanua, halafu wanakata kushoto. Naomba mniachie hii tabia leo hapahapa ukumbini. Najua mmeiona kwa wakubwa zenu kazini, hata mimi nilifundishwa hivyo.

Fikirieni mko Barabara ya Mandela, malori yanatoka bandarini, bodaboda wamejaa pande zote. Wewe unataka kuingia kushoto. Ukapeleka kichwa kulia. Umefungua pengo upande wa kushoto, pana kama mlango wa ghala. Bodaboda aliye nyuma yako anaona lori limeelekea kulia, anaona pengo, anaingia. Indiketa yako ya kushoto inawaka, ndiyo, lakini ameshaingia ubavuni, ile ya nyuma ameipita, na gari lenyewe limemwambia kitu kingine. Sasa unakata kushoto na tela linaanza kulifunga lile pengo.

Utamwona kwenye kioo? Tazama kinachotokea kwenye vioo kichwa kinapokunjika. Kioo kikubwa bapa cha kushoto kinajaa ubao wa tela, na kadiri unavyokata, matairi ya tela yanatoka nje ya kioo hicho. Unabaki na kile kidogo cha mbinuko, ambacho kinaonyesha eneo pana lakini kila kitu kimekuwa kidogo na kinaonekana kiko mbali. Kioo cha kulia nacho kimeelekea hewani, ubavu wa kulia wa tela huuoni kabisa. Na aliye karibu kabisa na mlango wako wa kushoto, chini ya dirisha, haonekani kwenye kioo bapa wala mbinuko. Huyo anahitaji kile kioo cha juu ya mlango kinachotazama chini. Kama lori lako halina, basi lazima utingo achungulie dirishani.

Kidhibiti mwendo, kwa wale walioniuliza mlangoni, hakina msaada hapa. Hicho kinazuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Kona hii mtu anauawa kwa kilomita 8.

Namna sahihi ni kutafuta nafasi mbele badala ya kulia. Kaa ndani ya njia yako, matairi ya tela yakiwa karibu na ukingo wa kushoto, kama hatua moja, ili bodaboda asione pengo. Usikate unapofika kwenye kona. Nenda mbele moja kwa moja, pua ya kichwa ivuke ukingo wa barabara unayoiingia, ndipo ukunje. Upana unaouhitaji utaupata kwenye barabara mpya, kwa kuingia ukielekea upande wake wa mbali kisha kurudi njia yako. Huko uko macho mbele, unaona kila kinachokuja, na kama kuna gari utasimama ulisubiri. Kupanua mbele kunakuonyesha unachokigonga, kupanua kulia kunakificha nyuma yako. Kona ikiwa nyembamba mno hata kwa njia hiyo, usiingie, tafuta njia nyingine.

Na kabla ya kukunja, tazama kioo cha kushoto. Ukishakunja, tazama tena, maana bodaboda anachukua sekunde mbili tu kutokea.

Kaka pale nyuma ameuliza kuhusu kwenda Kigali. Swali zuri. Ukivuka Rusumo unahamia kulia mwa barabara, lakini usukani wako bado uko kulia. Kona ya kubana sasa ni ya kulia, upande wako, na matairi ya tela unaweza kuyatazama kwa kutoa kichwa dirishani. Hiyo ni nafuu. Lakini upande wako usioonekana, wa kushoto, ndio sasa umeelekea katikati ya barabara, na ndiko wanakopita wanaokuovateki. Kwa hiyo yule mwenye tabia ya kuipanua kona, akifika Rwanda akapeleka kichwa kushoto ili akate kulia, anamlalia mtu aliyeko kwenye upande asiouona kabisa. Ni hivyohivyo ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo. Huko weka utingo kiti cha kushoto, macho nje, na usisogeze kichwa hata nusu mita kushoto kabla hajakujibu.