Saa ya Dawa: Kuku Aliyetibiwa Achinjwe Lini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naomba tuanze na banda moja, kisha mengine yote yatatoka humo humo.

Banda lina kuku wa nyama. Siku ya 30 tangu vifaranga waingie, wanaanza kukohoa na kukoroma usiku. Mfugaji anamwita daktari wa mifugo, anaandikiwa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini, ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa kwa siku 5. Siku ya 34 jioni dozi inaisha. Kwenye pakiti ya dawa hii ya mfano wetu kumeandikwa kwamba siku za kusubiri kabla ya kuchinja ni 7. Mnunuzi naye alishaambiwa aje siku ya 38. Je, kuku hawa wachinjwe lini?

Swali hili nimeliuliza mbele ya wafugaji wengi, na jibu linalorudi mara kwa mara ni siku ya 37. Wanachukua 30, wanajumlisha 7. Yaani wanahesabu tangu siku dawa ilipoanza. Hesabu sahihi huanza pale kuku alipopata dawa kwa mara ya mwisho, na kila siku moja ni saa 24 kamili. Siku ya 34 jioni ukiongeza siku 7 unafika siku ya 41 jioni. Mnunuzi wa siku ya 38 itabidi asubiri, au achukue kundi lingine.

Sasa tuingie ndani ya mwili wa kuku tuone kwa nini. Dawa aliyoinywa inapita kwenye utumbo, inaingia kwenye damu, na damu inaisambaza kila mahali: mapafuni tulikoitaka, lakini pia kwenye minofu, ngozi, mafuta, maini na figo. Mwili unaanza kuitoa siku hiyo hiyo kwa njia ya mkojo na kinyesi. Kinachobaki kwenye nyama ndicho tunachokiita masalia ya dawa. Masalia hayaondoki kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Yanapungua kwa nusu, kisha nusu ya nusu, na kuendelea hivyo.

Nitatumia namba za mfano ili hesabu ionekane. Tuseme dozi ya mwisho imeacha mikrogramu 1,600 za dawa katika kila kilo ya mnofu. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Kodeksi, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini kwenye mnofu wa kuku ni mikrogramu 200 kwa kilo. Kama masalia yanapungua nusu kila saa 24, basi baada ya siku moja yako 800, siku ya pili 400, ya tatu 200. Siku tatu zimetosha.

Mfugaji akikosea akaweka dawa maradufu, anaanzia 3,200, na kosa hilo linamwongezea siku moja tu. Wengi hushangaa hapo. Lakini sasa chukueni kuku ambaye figo na maini yake vimedhoofika kwa ugonjwa, mwili wake unahitaji saa 48 kupunguza nusu. Huyo akianzia kwenye 1,600 ileile atahitaji siku 6. Ugonjwa umerefusha muda kuliko dozi maradufu ilivyofanya. Na tunaowatibu ni wagonjwa, si wazima.

Ndiyo maana siku zinazoandikwa kwenye pakiti hazitokani na kuku wa wastani. Watengenezaji hulipatia kundi la kuku dozi iliyoandikwa, kisha wanawachinja kwa mafungu, siku baada ya siku, na kupima mnofu, maini, figo, na ngozi pamoja na mafuta. Hawaulizi wastani umeshuka lini. Wanatafuta siku ambayo, kwa hesabu za takwimu, karibu kuku wote watakuwa chini ya kiwango katika kila kiungo, hata wale wanaochelewa kuitoa dawa. Kisha wanapandisha hadi siku nzima. Kwa hiyo mfugaji anayesema "mimi kuku wangu ni imara, siku tatu zinatosha" anaweza kuwa sahihi kwa kuku wengi bandani na akakosea kwa wale ambao siku zile ziliwekwa kwa ajili yao.

Na hicho kiwango cha 200 kinalinda nini hasa? Wataalamu walianza na kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila madhara. Kwa tetrasaiklini ni mikrogramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, yaani 1,800 kwa mtu wa kilo 60. Sasa mtu huyo ale gramu 300 za mnofu ulio kwenye kikomo kabisa: anapata mikrogramu 60. Aongeze gramu 100 za maini, ambayo kikomo chake ni 600 kwa kilo: nyingine 60. Bado yuko mbali sana na 1,800. Nafasi hiyo imeachwa makusudi, kwa sababu mtu huyo huyo anakunywa maziwa na anakula mayai. Nasema haya ili msitoke hapa mkidhani kwamba neno "masalia" maana yake ni sumu. Kuku aliyesubiriwa siku zake anaweza kuwa na chembe za dawa zinazopimika, na bado ni salama kuliwa.

Ziko dawa zisizo na hesabu hii kabisa. Kloramfenikoli ni mojawapo. Kwa watu wachache huua uwezo wa uboho kutengeneza damu, na hakuna kiasi kilichopatikana ambacho chini yake tunaweza kusema ni salama. Bila kiasi salama hakuna kikomo, na bila kikomo hakuna siku za kusubiri. Mtu akikuambia "nimesubiri mwezi mzima baada ya kloramfenikoli", tayari alishakosea siku alipoinunua ili ampe kuku wa kuliwa.

Turudi bandani, maana makosa mengi hutokea humo bila mtu kukusudia. Dozi imeisha siku ya 34, lakini tangi lilikuwa na maji ya dawa robo, na mabomba yana utando ndani. Kuku wameendelea kunywa hadi asubuhi. Saa inaanza asubuhi hiyo, baada ya tangi kumwagwa na mabomba kusafishwa. Au chakula kilichobaki kwenye mifuko kilikuwa na dawa ya koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, na hakuna aliyesoma kibandiko. Nikabazini, dawa moja ya koksidia, inajulikana kwa hili: inatoka kwenye kinyesi, inakaa kwenye maranda, kuku anadonoa maranda na kuimeza tena. Mfugaji mmoja alinipigia simu akiwa amekasirika, kwamba sampuli zake zimeonyesha dawa ilhali alibadilisha chakula kwa wakati. Nilipofika nikakuta vihori vilevile, vumbi la chakula cha zamani limeganda pembeni. Kile kidogo kilitosha.

Mtu hawezi kuona haya kwa jicho. Rangi ya mnofu, ukubwa wa ini, harufu, hakuna kinachokuambia. Maabara huanza na kipimo cha bakteria: kipande cha figo kinawekwa juu ya sahani yenye bakteria, na kama kuna dawa, bakteria wanashindwa kuota pale pembeni. Hapo ndipo mashine huitwa itaje dawa gani na kiasi gani.

Mama mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu mwanzo. Karibu.

"Daktari, mimi nachemsha kuku wangu sana. Dawa si inakufa?"

Mama, kinachokufa ni bakteria. Dawa haina uhai wa kufa. Tetrasaiklini huvunjika kiasi kwenye moto, si yote. Enrofloksasini, antibiotiki nyingine, huvumilia moto vizuri sana. Na kwa kuku wa kuchemsha, sehemu ya dawa inahamia kwenye supu, kwa hiyo unaikuta kwenye bakuli. Ndimu na siki hazifiki ndani ya mnofu. Lakini endelea kuchemsha, tafadhali, kwa sababu ya jambo lingine. Banda lililotumia antibiotiki linaweza kubaki na bakteria sugu hata baada ya masalia yote kwisha. Siku za kusubiri hazihesabu bakteria hao. Moto ndio unaowamaliza.

Kijana huyu anauliza kuhusu homoni, nilijua litakuja. Kuku wa nyama anafika sokoni akiwa na wiki 5 au 6, na watu wanasema haiwezekani bila sindano. Uvumi huu una mzizi wa kweli. Miaka ya 1940 na 1950, nchini Marekani, majogoo walipandikizwa shingoni vidonge vya homoni iitwayo dietilistilbestroli ili wanenepe. Mwaka 1959 vikaondolewa kwa kuku. Tangu hapo kinachowakuza ni uzazi wa kuchagua. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo kila mtu anapaswa kulijua: walitunza pamoja kuku wa ukoo wa 1957, wa 1978 na wa 2005, wakawapa chakula kilekile. Siku ya 56 wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti pekee ilikuwa damu ya wazazi wao.

Na homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku litaimeng'enya kama linavyomeng'enya soya. Ingebidi kumdunga kila kuku, tena mara kwa mara, banda la maelfu. Unene huo wa haraka una taabu zake, miguu inayolemaa na moyo unaochoka, na hizo ndizo hoja za kumkosoa mfugaji wa kuku hawa.

Swali la mwisho, nalipenda: ukimnunua kuku hai ambaye siku zake hazijatimia, umfanyeje?

Umweke. Mpe maji safi na chakula kisicho na dawa, kwenye sakafu safi, maranda mapya, umalize siku zilizobaki. Mwili ulio hai ndio unaoitoa dawa. Ukimchinja leo ukamtia kwenye friji, saa imesimama, na baada ya wiki mbili utamtoa akiwa na karibu kilekile alichoingia nacho. Lakini ili uhesabu lazima ujue jina la dawa na saa alipoinywa mara ya mwisho, na hayo anayajua aliyekuuzia tu. Muulize kabla hujalipa.