Barua ya Muuguzi Anayekwenda Masomoni

Wauguzi wenzangu, asanteni kwa kuitikia wito. Nataka tuzungumze juu ya barua moja tu, ya kuacha kazi: ile anayoiandika muuguzi aliyepata nafasi ya kusoma zaidi, anayeondoka kwa moyo mweupe na angependa iwe hivyo mpaka siku ya mwisho.

Kabla ya kushika kalamu, hakikisheni mambo mawili. Ulizeni kama kuna ruhusa ya masomo, maana mwenye ruhusa anabaki mwajiriwa, lakini aliyekwisha kujiuzulu hana kazi ya kurudia. Tazameni pia kama mwajiri aliwahi kuwalipia mafunzo kwa masharti ya kutumikia muda fulani. Tuseme yote mawili yameshaangaliwa, na uamuzi ni kuondoka.

Kiini cha barua ni tarehe. Nimesoma barua nzuri sana zinazosema "mwezi ujao" au "masomo yatakapoanza". Anayepanga zamu hawezi kuzitumia. Notisi mara nyingi huhesabiwa kuanzia barua inapopokelewa, si inapoandikwa, ingawa neno la mwisho ni la mkataba. Chukueni mkataba wa notisi ya siku 30 unaoanza kuhesabiwa siku inayofuata mapokezi. Barua ikipokelewa tarehe 3 Juni, siku ya kwanza ni tarehe 4 Juni na ya thelathini ni tarehe 3 Julai. Sasa, ukipangiwa zamu ya usiku tarehe 3, zamu hiyo inaisha asubuhi ya tarehe 4, wakati ajira yako imekoma usiku wa manane. Mgonjwa akibadilika hali saa kumi alfajiri, unamhudumia kama nani? Basi zungumzeni mapema na anayepanga zamu, ili siku ya mwisho iwe zamu ya mchana.

Sikilizeni mfano huu. Nimeutunga kwa ajili ya leo:

"Kwa Muuguzi Mkuu,
Kupitia kwa Muuguzi Kiongozi, Wodi ya Watoto.

YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI ILI KUENDELEA NA MASOMO

Ninatoa notisi ya siku 30 ya kuacha kazi ya uuguzi, kwa mujibu wa mkataba wangu. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe 3 Julai. Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika uuguzi wa watoto, na masomo hayo ni ya kutwa.

Katika wodi hii nilijifunza kukokotoa dozi kwa uzito wa mtoto, na kumwomba mwenzangu ahakiki hesabu kabla sijaivuta dawa. Hata zamu zilipokuwa nzito, hakuna aliyeninyima dakika hiyo. Ninawashukuru kwa dhati.

Kabla ya kuondoka nitakabidhi kwa maandishi ukaguzi wa toroli la dharura, uagizaji wa vifaa na usimamizi wa wanafunzi. Naomba kujulishwa utaratibu wa siku zangu za likizo zilizobaki.

Wako mtiifu,"

Kisha jina, cheo, namba ya usajili na sahihi.

Tazameni shukrani ilivyokaa. Ni aya moja, inataja jambo moja lililotendeka kweli, na ndiyo maana ina joto. "Nashukuru kwa kila kitu" haimgusi mtu, kwa sababu yeyote angeweza kuandika hivyo. Ila kuna mtego: anayetaka kuonyesha upendo huvutwa kumsimulia mgonjwa aliyemgusa moyo. Msifanye hivyo, hata bila kutaja jina. Barua itakaa kwenye jalada la ajira, na siri ya mgonjwa haina nafasi humo. Manung'uniko nayo yana mahali pake. Yapelekeni kwenye mazungumzo na kiongozi wenu.

Kuhusu makabidhiano, wengi huwaza wagonjwa kwanza. Wagonjwa tayari hukabidhiwa kila zamu, kwa ripoti ya kando ya kitanda, na funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa huhama mkono pamoja na daftari lake. Kinachopotea ni kazi iliyozoeleka kuwa ya mtu mmoja. Nani hukagua toroli la dharura, siku gani, dawa ipi inakaribia kuisha muda? Mwanafunzi gani bado hajasimamiwa katika kuweka mrija wa kulishia? Haya yaandikeni kwenye karatasi ya pembeni, na mpitie pamoja na anayepokea mkiwa bado mko zamu moja.

Mwambieni kiongozi wa wodi kwa mdomo kabla barua haijamfikia; si vema aipate kwa mkono wa karani. Halafu pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili irudi kwenu ikiwa na sahihi ya aliyepokea na tarehe, kwa sababu zile siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo.