Ufa wa Mama, Shimo la Jirani: Ninavyoandika Maoni ya Kitaalamu

Wazee, shikamooni. Vijana wenzangu wa ujenzi, asanteni kwa kuja.

Leo nitazungumzia kesi moja tu, ya hapa Tabora, pale mteremko wa kichanga unapoishia mbugani. Mama mmoja alimshtaki jirani yake. Jirani alichimba shimo la choo, na baada ya miezi michache mama akaona ufa umekatiza ukuta wa chumba cha mwisho. Wakili wa mama ndiye aliyenileta mimi. Nikamwambia mapema kwamba mtaalamu analipwa na upande mmoja, lakini ripoti yake ni ya mahakama. Mama alikuwa mtu mwema, amejenga kwa jasho lake, na nilitamani ningeweza kumwandikia anachokitaka.

Sehemu ya kwanza ya ripoti ni nilichokiona kwa macho na kukipima, bila kutaja sababu. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, ukapanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya tofali, na ulikuwa mpana zaidi juu kuliko chini. Umbo hilo linasema pembe ya nyumba ndiyo iliyoshuka, wala si katikati ya ukuta. Kwa mpira wa maji wa kupimia usawa nilikuta mstari wa tofali kwenye pembe hiyo uko chini kwa milimita 28. Mita tatu kutoka pembeni kulikuwa na mwembe mkubwa. Shimo lilikuwa mita 4 kutoka ukutani, kina chake mita 3.

Halafu nikafukua kando ya msingi. Pembe inayoshuka imekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, upande wa pili umekaa juu ya mchanga. Mililita 10 za kila udongo, ukiwa umekauka na kuchekechwa, nikaziweka kwenye maji hadi kesho yake. Za mchanga zikawa 11, za mbuga zikawa 19. Nyumba moja imesimama juu ya ardhi mbili: moja imetulia, nyingine inavimba masika na kusinyaa kiangazi.

Kipimo kilichonishawishi zaidi kilichukua karibu mwaka. Nilipigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, nikawa napima umbali wake kwa vernia. Oktoba ufa ulikuwa milimita 8. Machi, mvua zikiwa zimeshiba, ukabana hadi 3. Septemba ukarudi 7. Kama shimo ndilo lingekuwa linaunyima msingi egemeo, ningetarajia ufa uzidi wakati wa mvua, udongo unapolegea. Huu ulikuwa unajifunga.

Na ndani ya ufa nilikuta rangi ya kijani. Mama mwenyewe aliniambia kijani kilipakwa miaka miwili kabla jirani hajashika sururu. Rangi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haupo.

Sasa makisio. Hapa vijana wengi huteleza, wanayachanganya na ushahidi. Milimita 28 zina maana tu kama fundi alizipanga tofali sawasawa siku ya kujenga. Hilo sikuliona, nimelikisia, na nimeandika hivyo. Tarehe ya rangi ni kauli ya mama, si kipimo changu. Kina cha msingi, sentimita 60, nilikipima sehemu mbili tu, nikachukulia kwamba kwingine ni hivyohivyo.

Maoni yangu: sababu kuu ni udongo wa mbuga kusinyaa, ukisaidiwa na mwembe unaonyonya maji kiangazi. Kuhusu shimo, nilichora mstari wa nyuzi 45 unaoshuka kwa nje kutoka kwenye kitako cha msingi, kuonyesha uzito wa nyumba unaishia wapi ardhini. Unafika kina cha mita 3 ukiwa mita 2.4 kutoka ukutani, kwa hiyo shimo liko nje yake.

Wakili wa mama akaniuliza mahakamani, "Mhandisi, unaapa kwamba shimo halina mchango wowote?" Nikamjibu hapana. Mstari ule unahusu uzito wa nyumba, hausemi kitu kuhusu maji yanayovuja chooni kwenda kwenye mbuga. Akaniuliza tena mama alipwe kiasi gani. Nikasema hiyo ni kazi ya mthamini. Afya ya mwembe na urefu wa mizizi yake, nako si kwangu. Nilichokuwa na haki ya kuonya ni kwamba wasiukate kwa pupa, maana udongo ukiacha kunyonywa huvimba tena, na pembe iliyoshuka inaweza kuinuka na kufungua ufa mwingine.

Ukurasa wa mwisho niliandika kitakachobadilisha maoni yangu: wakifukua kati ya shimo na msingi mwezi wa Septemba, wakakuta mbuga imelowa huku upande wa mwembe umekauka, waniite, nitaandika upya.