Chumvi ya Kuku Ipakwe Jana

Ndugu zangu, asanteni. Nitaanza na swali ninaloulizwa kila ninaposema kuku mzima atiwe chumvi siku moja kabla ya kuingia oveni: je, chumvi haitamkausha? Mbona samaki hukaushwa kwa chumvi hiyohiyo?

Jibu ni kipimo. Samaki wa kukausha hufukiwa kwenye chumvi. Kuku wetu anapata gramu 10 tu kwa kila kilo ya uzito wake, na kwa kiasi hicho mambo huenda kinyume kabisa, mradi umpe muda. Hapo kwenye muda ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo niruhusuni nikae hapo.

Paka chumvi, kisha mtazame kuku baada ya nusu saa. Utaona matone juu ya ngozi, na sahani chini imelowa. Chumvi imeyavuta maji kutoka kwenye nyama. Hali huwa hivyo kwa saa moja, mbili, pengine tatu. Ukimwingiza kuku motoni wakati huo, umechagua saa mbaya kuliko zote: maji yametoka na hayajarudi, na ngozi iliyolowa itatokota kwa mvuke badala ya kukauka. Mpishi hula nyama kavu, akailaumu chumvi. Kosa si la chumvi. Ni la haraka!

Muache aendelee kukaa. Yale matone huyeyusha chumvi, yakawa maji makali ya chumvi, nayo hurudi ndani ya nyama polepole. Chumvi ikishaingia, hulegeza protini za misuli. Nyuzi za nyama zikipata moto hujikaza na kukamua maji yake nje. Zilizolegezwa na chumvi hujikaza kidogo, kwa hiyo maji mengi zaidi hubaki ndani. Huo ndio umajimaji unaousikia mdomoni, na unauona zaidi kwenye kidari, kwa kuwa hakina mafuta ya kukiokoa.

Sasa tumchukue kuku wa kilo 1.8, aliyeyeyuka barafu kabisa. Anataka gramu 18 za chumvi laini, yaani vijiko 3 vya chai vya kusawazisha. Kama una chumvi ya chembe kubwa, pima kwa mizani, kwa sababu kijiko chake hubeba chumvi pungufu. Mfute kuku kwa karatasi ya jikoni hadi akauke. Ingiza vidole shingoni, uiachanishe ngozi na kidari taratibu bila kuichana, kisha uendelee hadi kwenye mapaja. Kijiko 1 kigawe chini ya ngozi ya vidari viwili, kijiko 1 kwenye mapaja, nusu tumboni, na nusu iliyobaki juu ya ngozi. Kwa nini chini ya ngozi? Kwa sababu ngozi ina mafuta, na chumvi haiyapenyi upesi.

Mweke juu ya wavu wenye sinia chini, bila kumfunika, rafu ya chini ya friji ili asidondoshee vyakula vingine. Saa 12 ni za kuanzia, 24 ndizo ninazozipendekeza, na 48 bado ni sawa. Atakuwa tayari ngozi ikiwa kavu, imekaza, na inaanza kuonyesha rangi ya nyama iliyo chini yake. Usimsuuze. Ukimsuuza umeilowesha upya ngozi uliyoikausha siku nzima.

Kuna atakayesema yeye huloweka kwenye maji ya chumvi, na nyama hutoka na maji tele. Kweli, gramu 60 kwa lita moja ya maji, ndani ya friji, saa 8 hadi 12, na kuku hutoka mzito kuliko alivyoingia. Lakini uzito huo ni maji ya bomba: nyama ina umajimaji, ladha yake imezimuliwa, na ngozi inachelewa kukauka. Nachagua chumvi kavu.

Muda umenibana, kwa hiyo haya mawili haraka. Soma lebo: kama imeandikwa kuku ameongezwa maji ya chumvi kiwandani, usimtie tena. Na chumvi haimwokoi kuku aliyepitiliza. Oveni nyuzi 220, kwa kuku huyu ni kama saa moja na robo, lakini amini kipimajoto: kidari nyuzi 74 sehemu nene, bila kugusa mfupa, kisha umpumzishe dakika 15. Kikifika 85, hata aliyekaa na chumvi siku mbili atakuwa mkavu. Na mchuzi wa siniani uonje kwanza kabla ya kuongeza chumvi yoyote.